Menyu Si Chakula: Acheni Kutuambia "Badilisha Tu Namba"

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Niko na hasira, na hasira yangu inaenda kwa kila mtu ambaye amewahi kuona skrinshoti ya kosa kwenye kikundi cha WhatsApp akajibu kwa maneno matatu: "Badilisha tu namba."

Mnajua mnaongelea nini. Mtu amepewa mradi wa C#, anafungua laptopu, anaandika `dotnet build`, anapigwa na maandishi mekundu. Anaomba msaada. Ndani ya dakika moja wanatokea wataalamu watatu. Wa kwanza anasema badilisha namba ya framework kwenye faili la mradi. Wa pili anasema weka Visual Studio yote. Wa tatu, na huyu hakosi, anasema fomati laptopu. Hakuna hata mmoja amesoma ujumbe wenyewe.

Mimi niliwasikiliza. Nitawaambia ilinigharimu nini.

Mwaka jana nilipata kazi ndogo. Mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye kompyuta ya kaunta ana programu ndogo inayosoma faili la mauzo na kutoa orodha ya wateja wenye madeni. Kijana aliyeiandika alishahama. Mama alitaka kitu kimoja tu: orodha ionyeshe pia namba ya muamala wa M-Pesa, ju wateja walikuwa wanabishana naye kama walilipa ama hawakulipa. Msimbo alikuwa nao kwenye flashi. Niliuangalia nikacheka. Mistari mitatu. Nikamwambia, "Mama, Jumatatu asubuhi utakuwa nayo." Akanitumia nusu ya pesa papo hapo.

Ijumaa usiku nikaandika mistari yangu mitatu. Nikaandika `dotnet build`. Na hii ndiyo iliyotokea:

```
error MSB3644: The reference assemblies for
.NETFramework,Version=v4.7.2 were not found.
To resolve this, install the Developer Pack
(SDK/Targeting Pack) for this framework version
or retarget your application.
```

Sa hii nikiisoma naona kila kitu nilichohitaji kilikuwa hapo. Usiku huo sikusoma. Niliona nyekundu, nikaona 4.7.2, nikajiambia laptopu yangu haina .NET Framework 4.7.2. Nikaingia kwenye ukurasa wa kupakua, nikakuta vitufe viwili, kimoja cha `Runtime` na kingine cha `Developer Pack`. Nikabonyeza Runtime, ju jina lenyewe linasikika kama kitu kinachofanya mambo yaende. Kisakinishi kikafunguka, kikaniambia kompyuta hii tayari ina toleo hilo au jipya zaidi, kikajifunga.

Enyewe hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Kompyuta moja inaniambia kitu hakipo, na kompyuta hiyo hiyo inaniambia kipo. Nikapiga skrinshoti, nikaweka kwenye kikundi. Majibu mnayajua.

Kabla niwaambie nilifanya ujinga gani, wacha nieleze kile ambacho hakuna mtu alinieleza, ju bila hiki kitu hasira yangu haitaeleweka.

Fikiria kibanda cha chakula. Ukutani kuna menyu: ugali matumbo, chapo madondo, pilau. Nyuma kuna jiko, ambako chakula chenyewe kinapikwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwa na menyu mkononi ukiwa kilomita hamsini kutoka kwa jiko. Na unaweza kusimama jikoni katikati ya sufuria zinazotokota bila kuona menyu popote.

Targeting Pack ni menyu. Ndani yake kuna mafaili ya DLL yanayoitwa reference assemblies, yaani yale ambayo MSB3644 inasema hayakupatikana. Yana majina yale yale unayoyajua, `mscorlib.dll`, `System.dll` na wenzao, lakini ukiyafungua hakuna kazi ndani. Yanataja tu kwamba kuna klasi fulani, ina mbinu fulani, inapokea hiki na kurudisha kile. Mwili wa mbinu haupo. Kompaila haihitaji zaidi ya hapo. Ukiandika `File.ReadAllLines`, kompaila inataka tu kuhakikisha kwamba kitu hicho kipo kwenye menyu na umekiagiza vizuri. Haikipiki.

Runtime ndilo jiko. Hapo ndipo kuna mbinu zenyewe, zenye miili, zinazofanya kazi programu ikishafunguliwa.

Na SDK ni fundi na vifaa vyake: amri ya `dotnet build`, kompaila, na mitambo ya kuunganisha kila kitu.

Sasa rudi kwa laptopu yangu. Windows 10, kuanzia toleo la Mei 2019, huja na .NET Framework 4.8 ndani yake. Hilo ni jiko, na jiko la 4.8 linachukua nafasi ya matoleo ya 4.x yaliyotangulia, kwa hivyo programu iliyojengwa kwa 4.7.2 hufunguka humo bila shida. Ndiyo maana kisakinishi kiliniambia nina kila kitu. Kilikuwa kinasema ukweli. Lakini Windows haiji na menyu. Kwa nini ije nayo? Watu wengi wanaonunua kompyuta wanataka kula, hawataki kuandika oda za watu wengine. Menyu unaiweka mwenyewe, na kisanduku chake kinaitwa Developer Pack. Jina hilo liko kwenye ujumbe wa kosa, neno kwa neno. Sikulisoma.

Unaweza kuona kwa macho yako. Menyu za .NET Framework hukaa hapa:

```
dir "C:\Program Files (x86)\Reference Assemblies\Microsoft\Framework\.NETFramework"
```

Kama hakuna folda ya `v4.7.2` hapo, mradi wa 4.7.2 kama huu wangu hautajengeka, hata kama jiko lako ni la dhahabu. Amri moja tu, sekunde moja, na haili data hata kidogo. Hakuna mtu kwenye kile kikundi aliniambia niiandike.

Swali ambalo mtu mwerevu atauliza: sasa kama jiko liko na lina DLL zote, kwa nini kompaila isisome tu zile za jikoni? Si zina kila kitu na zaidi?

Hapo hapo kwenye "na zaidi" ndipo shida iko. Jiko langu ni la 4.8. Ningeruhusiwa kuandika oda nikiangalia jiko langu, ningeweza kuagiza kitu ambacho kipo 4.8 na hakipo 4.7.2. Kwangu kingefanya kazi safi. Kwa mteja mwenye jiko la 4.7.2, programu ingeanguka ikifika pale. Kwa hivyo kompaila hukataa kuangalia jiko lako. Inataka menyu ya kibanda ambacho oda itapelekwa. Namba kwenye faili la mradi ni ahadi kuhusu mashine ya mteja. Haikuwa inaongea kuhusu laptopu yangu hata siku moja.

Shikilieni hiyo sentensi, ndiyo iliyoniumiza.

Jumamosi asubuhi nilimsikiliza wa pili kwanza, yule wa Visual Studio yote. Nikanunua data. Visual Studio ukichagua vitu bila kuelewa ni GB kadhaa. Data yangu iliisha ikiwa katikati, na kisakinishi kilichokatikia njiani hakina faida. Pesa ya Mama nusu ilishaingia kwa mnara.

Nikarudi kwa wa kwanza. Badilisha namba. Nikafungua faili la `.csproj`, nikabadilisha mstari huu:

```
<TargetFrameworkVersion>v4.7.2</TargetFrameworkVersion>
```

Nikaandika v4.8, ju si hiyo ndiyo niko nayo? Nikajenga tena. Kosa lile lile, MSB3644, ila sasa linataja v4.8. Bila shaka. Sikuwa na menyu ya 4.7.2, na sikuwa na menyu ya 4.8 pia. Kubadilisha jina la menyu usiyokuwa nayo hakukupi menyu.

Hapo ningesimama nifikirie. Lakini msee mmoja mtaani alikuwa na Developer Pack ya 4.8 kwenye flashi. Nikaiweka. Nikarudi kwenye kikundi, mtu akaniambia pia nibadilishe namba ndani ya `App.config` ili zilingane. Nikabadilisha. Nikajenga. Kijani! Nikafungua programu kwenye laptopu yangu, orodha ya madeni ikatoka na namba za M-Pesa zimepangika vizuri. Nikaituma kwa Mama Jumapili usiku, mtoto wake akaiweka kwenye kompyuta ya duka. Nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumatatu saa mbili na nusu simu ikaita.

"Kijana wangu, hii kitu yako imekataa kufunguka."

"Imesema nini, Mama?"

"Imeandika kizungu. Inauliza kama nataka kuweka kitu. Na hapa niko na watu wamejaa."

Nikapanda matatu. Nilipofika nikaona lile dirisha kwenye skrini:

```
This application requires one of the following
versions of the .NET Framework:
  .NETFramework,Version=v4.8
Do you want to install this .NET Framework version now?
```

Nikaandika `winver`. Kompyuta ya kaunta ilikuwa Windows 10 toleo la 1803, lile la Aprili 2018. Toleo hilo huja na .NET Framework 4.7.2. Haikuwahi kusasishwa ju haikuwahi kuunganishwa na intaneti. Ni kompyuta ya kaunta, kazi yake ni kuuza misumari. Yule kijana wa kwanza aliyeiandika programu hakuchagua 4.7.2 kwa bahati. Aliangalia mashine ya Mama, akaandika namba ya mashine ya Mama. Mimi nikaja na akili zangu za kikundi, nikaifuta, nikaweka namba yangu.

Na oneni vile kosa lilihama. Ijumaa lilikuwa kwangu, chumbani, saa nne usiku, ambapo linaumiza mtu mmoja asiye na haraka. Jumatatu lilikuwa dukani, asubuhi, mbele ya foleni, kwa mtu ambaye hajui MSB3644 ni nini na hapaswi kujua. "Badilisha tu namba" haikuondoa kosa. Ililisafirisha hadi kwa mteja.

Asubuhi hiyo nilirudisha programu ya zamani ili kazi iendelee. Jioni nikafanya kile ambacho ningefanya Ijumaa kwa dakika chache. Nikarudisha v4.7.2 kwenye `.csproj` na kwenye `App.config`. Nikapakua Developer Pack ya 4.7.2, na safari hii nikabonyeza kitufe sahihi. Iliingia bila ubishi ingawa jiko langu ni la 4.8, ju menyu za matoleo tofauti hukaa kila moja kwenye folda yake na hazigombani. Nikaandika ile amri ya `dir`, nikaona `v4.7.2` iko pale. Nikafuta folda za `bin` na `obj` ili nisichanganye na mabaki, kisha:

```
dotnet build -c Release
```

Ikajengeka. Ikafunguka dukani. Mama alinilipa nusu iliyobaki, lakini kazi yake iliyofuata ilienda kwa mtu mwingine. Simlaumu.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Lakini ujumbe wenyewe unasema *or retarget your application*. Si Microsoft wenyewe wamesema tubadilishe namba?"

Ndiyo, wamesema. Na hilo ni jibu halali, kwa mtu mwenye haki ya kutoa hiyo ahadi upya. Kama mashine zote zitakazoendesha programu unazijua, kama unaweza kuziweka toleo jipya, kama umejaribu humo, badilisha kabisa. Ujumbe unakupa milango miwili. Kikundi kinakupa mlango mmoja na hakikuulizi unaenda wapi. Swali la kuuliza kabla ya kugusa namba ni moja: nani ataendesha hii kitu, na mashine yake ina nini?

Na kuna wakati jibu la swali hilo ni "mimi mwenyewe," ambapo mambo yanageuka kabisa. Wacha niwape kisa cha pili, ju ni kioo cha cha kwanza.

Wiki chache zilizopita dogo mmoja anayenifuata alinitumia ujumbe: "Brathe, nimejenga mradi umekubali, lakini ukifunguka unakufa. Wameniambia SDK yangu imeharibika niitoe niweke upya." SDK yake ilikuwa ya .NET 8, na mradi, ambao alikuwa ameuchukua kutoka somo la zamani, ulikuwa umeandikwa `net6.0`. Nikamwambia asitoe kitu. Nikamwomba anitumie ujumbe wote, si mstari wa kwanza tu. Sehemu muhimu ilikuwa hii:

```
You must install or update .NET to run this application.

Framework: 'Microsoft.NETCore.App', version '6.0.0' (x64)
The following frameworks were found:
  8.0.11 at [C:\Program Files\dotnet\shared\Microsoft.NETCore.App]
```

Kwanza muone tofauti. Hii si .NET Framework ile ya Windows. Hii ni .NET mpya, na huku majiko hayachukuani nafasi. Jiko la 8 linakaa pembeni ya jiko la 6, kila moja na folda yake. Kukiwa na la 8 pekee, programu ya 6 haijiingizi humo yenyewe. Kawaida programu hukubali jiko jipya zaidi ndani ya namba kuu ile ile tu. Kuvuka kutoka 6 kwenda 8 haivuki bila ruhusa.

Sasa, kwa nini ilijengeka? Kwa sababu SDK ya 8 inajua kujenga miradi ya 6. Menyu ya 8 huja nayo, ndani ya folda ya `packs`. Menyu ya 6 haiji nayo, lakini mtu akiwa na intaneti, SDK huipakua kimyakimya kutoka NuGet wakati wa kujenga, kwa jina `Microsoft.NETCore.App.Ref`. Ni pakiti ndogo, dogo hata hakuona ikipita. Angekuwa bila data siku hiyo, mradi ungeanguka hapo hapo kwenye kujenga, akilalamikiwa kwamba pakiti hiyo haipatikani. Lakini jiko la 6 SDK haikupakulii. Hilo ni jukumu lako.

Kwa hivyo mimi nilikuwa na jiko bila menyu. Dogo alikuwa na menyu bila jiko. Mimi nilikwama kwenye kujenga, yeye alikwama kwenye kufungua. Na wote wawili tuliambiwa maneno yale yale na watu wale wale. Hapo ndipo mnaelewa kwa nini nasema hawasomi. Makosa mawili yaliyo kinyume kabisa hayawezi kuwa na dawa moja.

Kuangalia majiko uliyonayo ni amri moja:

```
dotnet --list-runtimes
```

Na uangalie jina, si namba peke yake. Kuna `Microsoft.NETCore.App`, jiko la kawaida. Kuna `Microsoft.AspNetCore.App`, la programu za wavuti. Na kuna `Microsoft.WindowsDesktop.App`, la programu zenye madirisha. Nimeona mtu ameweka jiko la kawaida mara tatu, anaapa .NET imemlogea, na ujumbe wake unataja WindowsDesktop kila mara. Pia pale kwenye `(x64)`: kama programu inataka x86 na umeweka ya x64, bado hujaweka kitu.

Tulifanya nini na dogo? Angeweza kuweka Runtime ya 6 peke yake. Ni makumi machache ya MB, wakati SDK nzima inapita MB 200. Lakini .NET 6 iliisha muda wake wa kuhudumiwa Novemba 2024, haipati tena marekebisho ya usalama. Mradi ulikuwa wa kujifunza, hakuna mteja, anayeuendesha ni yeye, na mashine yake ina 8. Kwa hivyo nikamwambia: badilisha namba.

Ndiyo, mimi. Nilimwambia aandike `net8.0` mahali pa `net6.0`, ajenge, aendeshe, ajaribu kila kitufe. Ikakubali. Maneno ni yale yale ya kikundi, lakini tofauti ni kwamba kabla ya kuyasema nilijua nani anaendesha, mashine yake ina nini, na ni kipi kilichokosekana. Kama angekuwa na programu iliyokwisha kujengwa, hana msimbo wake, ningemwambia aijaribu kwenye jiko la 8 kwa ruhusa ya muda, akiwa kwenye dirisha lile jeusi:

```
set DOTNET_ROLL_FORWARD=Major
```

Hiyo inaiambia programu ivuke hadi namba kuu inayofuata iliyopo. Mara nyingi hufanya kazi. Mara nyingine kuna kitu kimebadilika kati ya 6 na 8 na inaanguka ikiwa katikati. Ndiyo maana ni ya kujaribia, si ya kumwachia mteja kimyakimya ukapanda matatu ukaenda.

Kuna wale watanijibu kwamba mimi niliacha chuo, sasa nafundisha watu nini. Sawa. Lakini hii kitu haikutaka digrii. Ilitaka kusoma sentensi mbili za kizungu hadi mwisho. Wengi waliokuwa kwenye kile kikundi wamemaliza, na hakuna aliyefika kwenye neno "Developer Pack."

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu, na naliweka wazi. Mtu akileta skrinshoti ya hili kosa, kabla hujaandika chochote, angalia imekwama wapi. Imekwama kwenye `dotnet build` na inasema reference assemblies hazikupatikana? Anakosa menyu, mwambie jina la Developer Pack ya namba ile ile iliyo kwenye ujumbe. Imejengeka, ikakataa kufunguka na inasema framework haikupatikana? Anakosa jiko, mwambie jina na namba ya Runtime iliyotajwa. Na kama bado unataka kumwambia abadilishe namba, muulize kwanza programu inaenda kwa nani.

Kama huna dakika ya kuuliza hilo swali, nyamaza tu. Kunyamaza hakungenigharimu data, na hakungemsimamisha Mama mbele ya foleni Jumatatu asubuhi.